Kurasa Kumi na Tatu za Kidega

Mimi Nabangala hupanga vitabu katika duka la uchapaji karibu na Nakivubo, na ukurasa uliopinda hunikera kuliko deni la sukari. Wanaoandika jina la sura kwa mkono juu ya kila ukurasa nilikuwa nawacheka. Kwangu jina lilijileta lenyewe: kompyuta hutafuta kichwa nilichokipa mtindo wa "Sura", yaani alama inayoijulisha kuwa hapa sura inaanza, ikakirudia juu ya kurasa zinazofuata mpaka ikutane na kingine. Ukurasa wa kwanza wa kila sura nimeuamuru ubaki mtupu juu, maana jina liko papo hapo kwa herufi kubwa.

Afande Ochan, sajini mstaafu, aliniletea kumbukumbu zake. Sura ya sita iliitwa "Wasaliti". Ya saba ilimhusu rafiki yake Kidega, aliyesingiziwa kuuza siri za kambi, akafukuzwa, akafa na jina hilo. Ochan aliujua ukweli akanyamaza miaka ishirini. Kitabu kilikuwa cha kumsafisha Kidega mbele ya mjane wake, Adoch.

Siku ya mwisho alibadili jina la sura ya saba kwa ujumbe wa simu: "Kidega Hakuwa na Kosa". Nililinakili, likaja bila mtindo wangu. Nikazikoleza herufi zake na kuliweka katikati kwa mkono. Kwa macho lilifanana na mengine. Haraka haraka haina baraka. Nilijua, na bado nikafanya.

Dukani kwetu mteja hutia saini ukurasa wa kwanza wa kila sura, basi. Ochan akasaini kumi. Tukachapa.

Baada ya wiki alirudi na nakala moja, akaifungua katikati.

"Mama, soma hii ya juu."

Juu ya kisa cha Kidega palikuwa na neno "Wasaliti". Nikafunua ukurasa uliofuata, na mwingine. Kumi na tatu.

"Mimi nilisaini yote," alisema. "Ilikuwa safi."

"Ulisaini zile ambazo hazina kitu juu, Afande. Kosa ni langu."

"Adoch alifungua hapo hapo. Akasema, kambini mlimwita hivyo kwa mdomo, sasa mmemuandika. Akafunga mlango."

"Nitakuchapia vingine."

"Nimerudi kwake mara mbili. Jirani anasema amehama, amerudi kaskazini. Simu haishiki."

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikafungua faili mbele yake, nikaweka kielekezi kwenye jina la sura ya saba, nikabonyeza "Sura" mara moja. Juu ya kurasa zote kumi na tatu neno likabadilika: Kidega Hakuwa na Kosa.

Ochan aliinama karibu na kioo, akazisoma moja moja hadi ya mwisho.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, Afande."

Akavaa kofia yake, akaacha kitabu mezani.