Safu ya Sababu ya Hasara

Daftari la mayai nililichora mimi mwenyewe, kwa rula, na kwa majivuno. Tarehe, kuku walio hai, mayai yaliyookotwa asubuhi, ya jioni, yaliyovunjika, kuku waliokufa. Chini ya kila Jumapili niliweka mstari mzito wa jumla ya wiki, na pembeni yake safu mbili nilizozionea fahari kuliko zote: hasara na sababu ya hasara.

Kuokota na kujaza kila siku ilikuwa kazi ya wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuja kukaa kwetu baada ya kufiwa. Kujumlisha Jumapili ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye msomi wa nyumba, au ndivyo nilivyojiona.

Jumapili ya kwanza nikapata mayai mia tano sabini na moja kwenye daftari. Stoo, ambako hakuna yai linalotoka mpaka mnunuzi aje, nilikuta trei kumi na nane na mayai saba juu. Nikahesabu mara tatu. Ishirini na manne hayapo! Moyo ukaniambia jambo moja tu, na ule moyo wangu, Mungu anisamehe, haukusita hata kidogo. Kwenye hasara nikaandika 24. Kwenye sababu nikaandika herufi moja: W.

Wiki ya pili yalipungua ishirini na moja. W. Wiki ya tatu, ishirini na sita. W. Sikumwambia mtu. Nilihamisha tu ufunguo wa stoo kutoka msumarini, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu, nikawa natembea nao kama askari jela. Wifi akawa ananiomba ufunguo kila akiokota, nami nasimama mlangoni mpaka atoke. Baada ya siku chache akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atahamia kwa mdogo wake. Nikajisemea, ameshajua nimemshtukia.

Alhamisi akaja bwana mifugo kutazama kuku. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda, akaomba daftari. Wifi alikuwa ndani anabadilisha maranda kwenye viota.

"Nani anajaza hizi za kila siku?"

"Wifi," nikasema.

"Anajaza vizuri. Kuku tisini na sita kwa siku saba, mayai mia tano sabini na moja. Asilimia themanini na tano. Ila yanavunjika mno, ishirini na manne kwa wiki! Ongezeni chokaa kwenye chakula."

Ishirini na manne. Masikio yakaanza kuniwaka.

"Lakini yaliyovunjika si yameshatolewa humo?" nikauliza. "Yaliyookotwa si mazima?"

"Hapana. Hapa ni yote aliyotaga kuku, liwe zima au limepasuka. Ukitoa yaliyovunjika utamsingizia kuku kwamba hatagi. Yaliyovunjika unayatoa Jumapili, kwenye jumla." Akafunua kurasa. "Kumbe hukuyatoa. Yametokea kwenye hasara. Ishirini na moja, ishirini na moja. Ishirini na sita, ishirini na sita. Yanalingana, unaona?"

Nilikuwa naona. Wiki tatu safu mbili zimekaa kwenye ukurasa mmoja na tarakimu zilezile, na mimi msomi macho yangu yako kwa mwenzangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na hii W ni nini?"

"Wadudu," nikasema upesi.

"Wadudu gani wanakula mayai na ganda lake?"

"W ni wifi," sauti ikatoka bandani.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa wavu, maranda yamemjaa mikononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Niliiona siku ileile ulipoiandika," akaniambia. "Kila asubuhi si najaza chini yake? Nikadhani utaifuta."

Bwana mifugo, maskini, hakuelewa ameingilia jambo gani. Alikuwa ametusikia tangu alipofika, mimi nikimwita wifi, naye akiniita wifi, akacheka. "Sasa wifi yupi? Si nyote ni mawifi hapa?"

Hakuna aliyecheka naye. Ufunguo ukanichoma kiunoni.

"Ni mimi," nikasema. "Hasara ni yangu. Wifi, nisamehe. Nilikuita mwizi bila hata kufungua mdomo."

Aliinamisha kichwa, akafuta mikono kwenye nguo.

"Nimekusamehe, wifi."

"Basi usiondoke."

Akachukua daftari kwenye goti la bwana mifugo, akaandika mayai ya asubuhi, thelathini na tisa, na matatu yaliyovunjika. Kisha akanirudishia, na kalamu juu yake.

"Kuanzia Jumamosi utajaza mwenyewe," akasema. "Usisahau kuyatoa yaliyovunjika."