Safu ya Tatu, Mstari wa Firoza

Firoza Allarakha alinipigia simu mwezi wa Januari, saa za chakula cha mchana, akaniuliza swali moja. Nililijibu nikiwa bado natafuna. Ningekuwa nimemeza kwanza, nikainuka, nikafungua kabati la mafaili, leo nisingekuwa na hadithi ya kuandika.

Mimi ni karani wa idara ya wafanyakazi katika hospitali moja ya wakfu hapa kisiwani. Hospitali yetu ina desturi ya kuwaazima watu: mradi fulani ukihitaji mtaalamu wa maabara au muuguzi, tunamtoa kwa muda, kisha anarudi. Kila anayeazimwa ana mkataba wake, wenye sahihi tatu: ya hospitali, ya mradi na ya mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, Bwana Sheikhan, mkuu wa idara yetu, aliniwekea maboksi mawili mezani. Mikataba arobaini na mmoja.

"Nasipwondi," akasema, "bodi imechoka kuuliza nani yuko wapi. Nataka jedwali moja la kompyuta. Kwa kila mtu, mambo matatu tu. Nani anamlipa mshahara. Muda wake ni wa kuanzia lini hadi lini. Na atarudi kwa masharti gani."

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nasoma stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi madarasa ya jioni, na hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa kitu kinachofanana na nilichofundishwa. Safu ya kwanza ilinifurahisha hasa, maana si rahisi kama inavyosikika. Kuna mkataba unaosema mradi ndio utakaomlipa mfanyakazi moja kwa moja. Mwingine unasema hospitali itaendelea kumlipa, halafu mradi uirudishie hospitali kila robo mwaka. Mtu mvivu angeandika "mradi" kote, kwa kuwa mwishowe fedha ni za mradi. Lakini mlipaji ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya mshahara, naye mara nyingi ndiye anayebaki kuwa mwajiri. Nilitenganisha safu hiyo kwa uangalifu. Safu ya muda pia: nilihakikisha kama miezi inahesabiwa tangu siku ya sahihi au tangu siku ya kuripoti.

Nilipofika safu ya tatu, Wendy wangu alikuwa na homa.

Sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na miezi kumi na mmoja, na jirani niliyemwachia kule Tudor alikuwa akinitumia ujumbe kila nusu saa. Nilikuwa nimebakisha mikataba kumi na saba ya mradi mmoja, mradi wa kifua kikuu. Nilifungua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karatasi zilezile, mpangilio uleule, kipengele cha tisa kilekile: *Muda ukiisha, mfanyakazi atarudi kwenye nafasi yake.* Nikaandika "nafasi yake" kwenye kisanduku, nikakishika pembeni, nikakivuta chini hadi mstari wa mwisho. Vyote kumi na saba vikajaa mara moja. Nikazima kompyuta, nikakimbilia tuk-tuk.

Firoza alikuwa mstari wa tisa kati ya hao.

Alikuwa msimamizi wa maabara yetu kwa miaka kumi na miwili. Mwanamke mpole wa Kibokoni, mwenye miwani ya kamba, anayejua ugonjwa wako kabla daktari hajauliza jina lako. Alikuwa anaishi na mamake, Bi Mahjabeen, ambaye husafishwa damu kwa mashine Jumatatu na Alhamisi, hapahapa mjini. Siku hizo Firoza humpeleka mwenyewe asubuhi, kisha huja kazini akiwa amekwisha kufanya kazi ya siku nzima ya mtu mzima. Ofisi ya mradi ilikuwa Tudor, kwa hivyo kuazimwa hakukumsumbua.

Basi Januari akanipigia.

"Mama Wendy, mtoto hajambo?"

"Hajambo, dada. Anatembea sasa."

"Mashallah. Sikiza, hawa wa mradi wataka niongeze miezi minane. Mimi sina neno, kazi naipenda. Lakini nikiongeza, nikirudi kiti changu kipo? Wajua siwezi kutoka Mombasa, kwa ajili ya mama."

Jedwali lilikuwa wazi mbele yangu. Safu ya tatu, mstari wake. *Nafasi yake.*

"Kipo, dada. Nakiona hapa."

"Basi ukisema wewe, nimetua."

Alitia sahihi barua ya nyongeza wiki ile. Ilikuwa ukurasa mmoja: muda unasogezwa hadi mwisho wa Oktoba, na masharti mengine yote ya mkataba wa awali yanabaki yalivyo. Mimi ndiye niliyeiweka kwenye faili. Hata siku hiyo sikuufungua ule wa awali.

Niliufungua Septemba, Bwana Sheikhan aliponiambia niandae barua za wanaorudi. Kipengele cha tisa kilianza vilevile, chini kabisa ya ukurasa wa nne. Nikageuza nipate ukurasa wa sahihi. Juu ya ukurasa wa tano, mahali ambapo ile mitatu niliyoisoma ilizungumzia jinsi ya kutatua migogoro, palikuwa na sehemu ya pili ya kipengele hichohicho: *Muda ukiongezwa kupita miezi ishirini na minne ya awali, hospitali haitalazimika kumhifadhia nafasi yake. Atapewa nafasi yoyote ya ngazi hiyohiyo iliyo wazi katika tawi lolote.*

Nilisoma mara nne. Kisha nikaenda kwa Bwana Sheikhan na faili mkononi.

Alisoma, akavua miwani. "Ndio. Firoza alikuwa msimamizi, hatungeweza kuiacha maabara bila mkuu miaka na miaka. Tuliongeza sehemu hiyo kwa ajili yake peke yake. Miezi ishirini na minne ilipoisha, tukangoja kidogo, halafu Juni tukamthibitisha Musyoka, aliyekuwa akimshikia nafasi."

"Na nafasi ya ngazi hiyo, iko wapi?"

"Tawi la Malindi. Hakuna nyingine."

"Bwana Sheikhan, aliniuliza mimi. Nilimwambia kiti kipo."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Nami niliisaini nyongeza bila kumkumbusha," akasema. "Nilidhani anajua. Kila mtu hapa amedhani. Lakini Musyoka hana kosa, Nasipwondi. Siwezi kumtoa mtu kwenye kazi aliyothibitishwa."

Nilimwomba mambo mawili. Kwanza, barua isitangulie, niende nimwambie mimi. Pili, nafasi ya msimamizi Mombasa ikija kuwa wazi, Firoza aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na jambo hilo liandikwe. La pili alilifikiria sana. Mwishowe akasema, "Andika, niisome."

Nilikwenda Kibokoni baada ya kazi, Wendy mgongoni. Firoza alikuwa barazani na mamake, wanachambua mchele kwenye ungo. Bi Mahjabeen alinyoosha mikono kabla sijaketi.

"Nipe huyo. Mbona mwembamba hivi? Mamake yuwala ofisini, mtoto yuwangoja?"

"Anakula, mama. Anakimbia tu sana."

"Basi mfungie mlango." Akampakata Wendy, akamtilia kipande cha mkate wa sinia mkononi.

Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri njiani. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Dada Firoza, Januari nilikujibu bila kusoma mkataba wako. Nilisoma jedwali langu, na jedwali lina makosa yangu. Kiti chako hakipo. Amethibitishwa Musyoka."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele.

"Yule Musyoka niliyemfundisha kutumia darubini?"

"Yeye."

"Kijana mzuri," akasema, kama anayezungumzia mtu wa mbali. "Na mimi?"

"Malindi."

Bi Mahjabeen hakuwa anatusikiliza, au alijifanya. Alikuwa akimwimbia Wendy wimbo wa Kikachi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Firoza alimtazama mamake, nami nikatazama mawe ya baraza.

"Nakala yangu iko kabatini," Firoza akasema hatimaye. "Miaka miwili na nusu. Ningeinuka hatua kumi nikaisoma. Nilikupigia wewe kwa kuwa ulikuwa karibu zaidi ya kabati."

"Usijilaumu, dada. Kazi ya kusoma ilikuwa yangu."

"Sijilaumu peke yangu, usiwe na wasiwasi. Nawe umo." Akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo lilinichoma zaidi ya matusi. "Mshahara je? Na miaka yangu kumi na miwili? Nimeipoteza?"

Hapo tu ndipo nilipokuwa na kitu cha kumpa. Nilimweleza kwamba mkataba wake ni wa wale ambao hospitali iliendelea kuwalipa na mradi kuirudishia. Hati zake zote za mshahara zina jina la hospitali, na kipengele cha nne kinasema utumishi wake unahesabiwa bila kukatika. Ngazi haishuki, mshahara haushuki, miaka ipo yote. Hili nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi yenyewe, si kwenye jedwali, mara tatu, asubuhi ileile.

"Kwa hivyo nina kila kitu," akasema, "ila Jumatatu na Alhamisi."

Niliuvuta ukingo wa ungo, nikaanza kuchambua naye.

Jirani alipita akatoa salamu, tukaitikia kama watu wasio na neno. Baadaye Firoza alisema nduguye Kashif, aliye Tudor, ana gari na hana haya ya kusema hana nafasi, lakini safari hii itabidi aone haya. Jumatatu atampeleka yeye. Alhamisi Firoza ataomba iwe siku yake ya mapumziko, ashuke kutoka Malindi Jumatano jioni. Alikuwa akipanga huku akiokota mawe kwenye mchele, moja moja, na nikajua hajanisamehe bado, anapanga tu.

"Barua mpya unayo?"

Niliitoa mkobani. Kurasa mbili.

"Nisomee."

"Yote?"

"Tangu tarehe. Mama, nyamaza kidogo, twasoma."

Nikasoma kwa sauti, pale barazani, kipengele kwa kipengele. Nani anamlipa. Kuanzia lini. Nilipofika kwenye kuulizwa kwanza nafasi ya Mombasa ikiwa wazi, aliinua kidole.

"Hapo. Nitaulizwa kwa mdomo au kwa maandishi?"

Nilitazama. Haikusema.

"Haikuandikwa, dada."

"Basi haijesha. Rudi nayo kesho iandikwe. Na siku ya mapumziko, Alhamisi, nayo iandikwe. Ndio nitie sahihi."

Nikatoa kalamu nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa, yote mawili. Wendy alikuwa amelala mapajani kwa Bi Mahjabeen, mkate bado mkononi.

"Endelea," Firoza akasema. "Geuza ukurasa."

Nikageuza.