Gauni la Darasa la Tano

Pazi, balozi wetu wa nyumba kumi hapa Mitwero, alikuwa na maradhi ya kusoma kwa sauti. Akipata karatasi, hata ya kufungia sukari, atavaa miwani, atakohoa, atasoma. Watu wasiojua kusoma wakimtolea macho, basi, siku yake imekwisha vizuri. Mimi niliyajua hayo tangu zamani, na bado sikujua kwamba maradhi yale yatatutia aibu sote.

Kazi yangu mwaka ule wa sabini ilikuwa hii hii: nguo za shule zilizokwisha kuvaliwa, na vitabu vilivyokwisha kusomwa. Mtoto akirefuka, mama yake huniletea nguo. Nafua, natia kiraka, nashusha pindo. Kitabu kilichochanika nakibandika kwa uji wa muhogo, nakivika gazeti. Chenye mhuri wa shule sikigusi, hiyo ni jela. Na nguo ya mtaa huu naiuza mtaa wa pili, ili mtoto asije akanyooshewa kidole uwanjani, "Hiyo kaptula ilikuwa yangu!" Kwa hiyo kabla ya yote natoa kile kitambaa cha jina ambacho walimu huwaamuru kina mama washone ndani ya kola au kiunoni. Wanaoniita mnyonyaji mchana ndio wanaobisha mlango wa jikoni magharibi, wamejifunika kanga mpaka puani. Nawajua wote, kwa majina na kwa viraka.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa alikuja mke wa Pazi na mzigo mkubwa. Eti nguo za wapwa zake wa Kilwa. Nikafungua. Majina yaliyoshonwa mle ndani yalikuwa ya watoto wa mtaani kwetu. Mwezi wa kumi mumewe alipita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo za shule za sadaka, za kupelekwa kwa yatima wa kijiji kipya cha ujamaa huko Rutamba. Tena baadaye akatuhutubia kwamba amezikabidhi kwa mikono yake mwenyewe. Lo! Mikono hiyo! Niliyaona yale majina, nikajifanya sikuyaona, nikanunua. Biashara ilikuwa ngumu, dukani hakuna kitambaa. Sisemi hivyo ili nihurumiwe.

Ndani ya mzigo ule lilikuwamo gauni moja la bluu la msichana mkubwa. Nikamkumbuka Binti, ndivyo tulivyomwita mtoto wa Mboni. Mboni ni mjane, analima mihogo, hana mtu. Mtoto wake huyo amefaulu kuingia darasa la tano, na siku zile la tano halikuwa la kila mtu. Mwalimu mkuu amekwisha sema: asiyefika Jumatatu na sare, nafasi yake anapewa anayemfuata kwenye orodha. Mboni akaniletea mtetea wake wa pekee na pishi mbili za mtama. Nikamshushia Binti pindo, maana mtoto ni mrefu, mwili wote miguu. Pakabaki mstari wa bluu iliyoiva pale palipokuwa pamekunjwa. Mboni akaupapasa ule mstari, akacheka, akasema, "Hata ungekuwa mwekundu, Bi Mwahija. Mtoto wangu anasoma." Nikamwambia aje Jumapili alichukue, nimalize kutoa majina.

Jumapili asubuhi Pazi akaita mkutano uani kwangu. Uani kwangu, bila hodi! Akasimama juu ya kinu changu cha kutwangia, akasema katika ujamaa hakuna kuuziana sare, mzigo huu ni mali ya umma, utagawiwa bure. Watu wakapiga makofi. Bure nani haitaki?

"Balozi," nikamwambia, "ngoja kwanza nitoe majina."

"Hakuna kungoja! Mnyonyaji hatupangii saa."

"Nakuomba, kwa heshima yako wewe mwenyewe."

"Heshima yangu ipo, Mwahija. Tafuta yako."

Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akachukua kaptula ya kaki, akaigeuza, akaona kitambaa. Miwani hiyo! Kikohozi hicho! Akasoma, "Ismaili Likwata." Akanyanyua uso, anameremeta. "Mnaona? Mtoto wa hapa hapa! Mwizi huyu!" Akachukua nyingine, akasoma. Na nyingine. Kila akisoma, sauti inapanda. Alidhani amenikamata, kumbe mkewe alikuwa hajamwambia kwamba zile za Rutamba ameniuzia mimi.

Likwata, baba yake Ismaili, akasogea mbele. Ni fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache. "Balozi, kaptula hiyo nilikupa wewe mkononi. Ya yatima wa Rutamba. Si ulisema umewakabidhi?"

Pazi akavua miwani. Akamtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa amekwisha toka kwa nyuma, kanga inapepea. Watu hata hawakucheka. Waliuvamia mzigo. Kila mtu anachomoa chake, "Hii yangu! Hii yangu!", nguo walizokwisha kuzitoa sadaka mbele ya Mungu. Nguo ambazo watoto wao haziwaingii hata mguu mmoja!

Bi Maftaha, mke wa mfanyabiashara wa samaki wakavu, akalishika gauni la bluu.

Mboni akapiga magoti. "Dada, hilo nimekwisha lilipia. Mwanangu anaingia la tano kesho."

"Mimi nililitoa kwa yatima, sikulitoa kwa biashara."

"Binti naye ni yatima, dada. Baba yake si mmemzika nyie?"

Bi Maftaha akalikunja gauni, taratibu, kona kwa kona. "Nilisema yatima wa Rutamba," akajibu, akaenda zake. Na mimi? Mimi nilisimama na sindano mkononi. Ningesema nini, mnunuzi wa sadaka zilizoibwa? Nilimrudishia Mboni kuku wake na mtama wake. Alivipokea bila kunitazama.

Jumatatu Binti alikwenda shule na kanga ya mama yake. Akarudishwa. Jumanne akarudi tena, akasimama nje ya darasa mpaka kengele ya mwisho. Jumatano jina lake likafutwa.

Alhamisi, magharibi, mlango wa jikoni ukabishwa. Nani? Bi Maftaha, kanga mpaka puani. "Shoga yangu, hili gauni limenijazia sanduku tu. Utanipa ngapi?" Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Kisha nikanunua. Nilitaka nimpelekee Mboni bure, wallahi nilitaka. Lakini nimpelekee la nini, na nafasi imekwenda?

Kesho yake akaja Likwata, mwenyewe, mlango huo huo. Mwanawe wa kike ndiye aliyekuwa anamfuata Binti kwenye orodha. Ameitwa ghafla, sare hana, na dukani hakuna kitambaa. Yule yule aliyeuliza kwa ukali habari za yatima.

"Unajua anakalia nafasi ya nani?" nikamwuliza.

"Najua, Bi Mwahija. Sasa nifanyeje, nimkatalie mwanangu?"

Nilikuwa na gauni. Nikamwuzia. Mwanawe ni mfupi, gauni likamfika kwenye vifundo vya miguu, ikabidi nilikunje upya. Nikakaa uani nikashona, uzi baada ya uzi, nikalipandisha lile pindo nililomshushia Binti.