Ziwa Ambalo Sikulitaja

Barua ya kunikatalia ukimbizi ilikuja Jumanne, na iliniita mwongo kwa adabu sana. Mi nimetukanwa na bantu wengi maishani, lakini hao wa ofisini wanakutukana kwa mhuri, kisha unatakiwa kusema zikomo, asante ya huku.

Jina langu Zihindula. Niko hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mwaka wa kumi na tano. Leo nachimba choo cha mtu, kesho nabeba matofali, keshokutwa nalala kwa sababu mgongo umegoma. Zamani nilikuwa kiongozi wa wapanda mlima Ruwenzori, upande wa Kongo, miaka kumi na nane mizima. Mke wangu, mama yake Carelle, tulimzika hapa hapa kambini. Nimebaki na huyo msichana, ana miaka kumi na minane, na kesi yangu njo kesi yake. Nikikataliwa mimi, na yeye amekataliwa. Hatuna pengine pa kwenda.

Kesi yenyewe ni hii. Mwaka wa 2008 tulipandisha wazungu watatu waliokuja kupima barafu. Kule juu, tulipokuwa tunapika, bantu wenye bunduki walitutokea. Walitaka niwaonyeshe njia ya kuvukia mpaka Uganda. Nikakataa. Wakampiga risasi Gakiza, mbeba mizigo wetu, Mrundi mmoja mpole aliyekuwa anaimba hata akiwa na kilo ishirini kichwani. Ndipo nikawaonyesha njia. Niliporudi chini, jeshi likasema mimi ni mtu wa wale wenye bunduki, nao wenye bunduki wakasema nimewaona sura. Pande mbili zinakutafuta, utakaa wapi? Nikakimbia.

Sasa sikia barua ilivyosema. Mwombaji anadai alishambuliwa hatua mia mbili chini ya barafu. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha kwamba mahali hapo hapana barafu, ila kipande kidogo kilicho mbali juu. Tena pana ziwa, na mwombaji hakulitaja ziwa lolote. Kiongozi wa kweli angelijua.

Aka! Ziwa gani? Nilisoma mara tatu. Carelle akasoma mara ya nne, kwa sauti, nikamwambia nyamaza.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la kazi. Sisi viongozi hatukupima kwa kilomita. Mgeni ametoka Ulaya kuona barafu, anauliza kila dakika kumi, "Barafu ni mbali?" Basi tulizoea kuhesabu kila kitu kutoka kwenye mdomo wa barafu. Kibanda kiko nusu saa chini ya barafu. Maji ya kunywa, hatua hamsini chini ya barafu. Nilipoulizwa ofisini nilikuwa wapi, ulimi ulijibu wenyewe, kama ulivyozoea.

Carelle hakuniomba ruhusa. Alibeba barua mpaka kwa Mwalimu Nizigiyimana, anayefundisha jiografia sekondari ya hapa kambini, na jioni mwalimu akatuma neno: Papa Carelle aje kesho, darasani, kipindi cha tatu. Nilienda kwa sababu sikupata kibarua siku ile. Nilikaa nyuma na batoto, magoti yakigonga dawati.

Mwalimu alikuwa na karai la udongo mbichi, mezani, limeinuliwa upande mmoja. Alichora bonde kwa kisu, jembamba, lenye umbo la V. "Huo ni mto," akasema. "Mto unakata chini tu." Kisha akafungua mfuko akatoa barafu, pande zima, maji aliyoyagandisha kwenye frizeri ya muuza soda, na ndani amechanganya changarawe. Akaliweka kwenye lile bonde akalisukuma kuteremka, kwa nguvu, mara nyingi, mpaka jasho likamtoka.

"Barafu haichagui," akasema huku anahema. "Inajaza bonde lote. Inakwangua chini, inakwangua na kando, kwa mawe iliyoyashika tumboni. Haya, tazameni."

Batoto wakainama. Bonde lilikuwa limepanuka, sakafu bapa, kuta zimesimama. Herufi U. Mi nilipiga mwayo. Miaka kumi na nane nimetembea ndani ya hiyo U, viatu vimejaa matope, nani wa kunifundisha?

Akaliacha lile pande juani, mdomoni mwa bonde, akaendelea kuandika ubaoni. Kila lilipoyeyuka kidogo, alilisukuma tena mbele kidogo, na mdomo wake ukabaki pale pale. "Msidhani barafu inarudi nyuma kwa miguu," akasema. "Inateremka siku zote. Ila mdomo ukiyeyuka sawa na inavyoteremka, unasimama mahali pamoja, na mawe yanashushwa hapo, miaka na miaka. Jua likizidi, mdomo unapanda juu. Mawe hayapandi."

Kipindi kilipoisha maji yalikuwa yamekwenda, na changarawe imebaki kwenye udongo, ukuta mdogo uliopinda.

"Mwalimu," nikamwambia batoto walipotoka, "hicho mi nimelala nyuma yake. Wazungu wanakiita moreni. Sisi tuliita ukuta. Gakiza tulimfunika kwa mawe hapo ukutani."

Alinitazama kama mtu anayetaka kunipiga. "Papa Carelle! Sasa kwa nini uliwapa habari ya barafu? Umewapimia kwa kitu kinachokimbia! Wape mawe."

"Na ziwa? Haki ya Mungu, hapakuwa na ziwa."

"Barafu yenyewe ilikaa wapi?"

"Kwenye bakuli. Kuta pande tatu, mbele pana mdomo wa mwamba ulioinuka kidogo."

"Njo vile. Barafu inakaa hapo, inazunguka pole pole inaposhuka, inang'oa mawe ya ukuta wa nyuma, inachimba sakafu. Ikiondoka, shimo linabaki. Mvua ya Ruwenzori unaijua wewe kuliko mimi. Shimo litafanya nini?"

Nilichoka ghafla, mwili wote. Ile barafu niliyokuwa nikiipima nayo dunia ilikuwa imekuwa maji, na mimi nasimama darasani kama mtoto aliyefeli.

Tuliandika rufaa pamoja, yeye akiandika, mi nikinung'unika. Aliniuliza jina la chuo cha wale wazungu, nikalikumbuka nusu. Miezi saba ikapita. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kungoja kwingi ni kuchakaa tu.

Siku ya kusikilizwa tulienda Lilongwe, mimi na Carelle. Yeye akaachwa kwenye benchi la nje. Ndani palikuwa na afisa wa rufaa, mama mmoja anayeitwa Amanda, macho yamevimba kwa kusoma, na mkalimani Honoré, Mkongomani mwenzetu anayekaa mtaa wa Kawale. Nilimwona yule mama nikajua naye amechoka. Hilo lilinipa moyo kidogo, sijui kwa nini.

Akaweka picha mezani, kubwa, yenye rangi. Akampa Honoré maneno.

"Papa, anasema hii ni sehemu yote mnayoisema. Chukua kalamu. Weka alama pale mwenzako alipofia. Anasema usiharakishe, lakini ukishaweka hubadilishi."

Nikainama. Mungu wangu. Sikutambua kitu. Nilitafuta weupe, macho yalizoea kutafuta weupe kwanza, na weupe ulikuwa kovu tu juu kabisa, chini ya kilele. Chini yake, ziwa la kijani. Nikafikiri, kumbe wana haki, mi ni mwongo, mlima huu sijawahi kuupanda.

"Papa?" akasema Honoré.

"Ngoja."

Niliacha weupe. Nikashuka chini kabisa ya picha, nikaanza kupanda kwa kidole kama tulivyopanda kwa miguu. Bonde pana, sakafu bapa, hapo tunazama matopeni mpaka magotini. Kuta zilizosimama pande zote mbili. Halafu mgongo mrefu wa mawe umelikata bonde, mviringo, umeota miti.

Kidole kikasimama hapo. Amanda akaacha kuandika. Honoré akakohoa.

"Hapana," nikasema. "Huu si wetu. Mwambie huu ni ukuta wa kwanza. Barafu iliuacha zamani sana, kabla ya babu zetu, njo sababu udongo umepata muda na miti imeota, kichwa chake kimelainika. Wetu ni wa pili. Ni mawe matupu, hata jani hakuna, ukikanyaga yanateleza. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia akiwa kijana barafu ilikuwa inaligusa jiwe la mwisho."

Nikapanda tena. Mwamba uliokwanguliwa, mistari yote inaelekea chini. Ukingo wa bakuli. Na pale, mbele ya lile ziwa, uzi mwembamba wa kijivu umepinda kama nyusi.

"Ziwa sikulitaja kwa sababu lilikuwa halijazaliwa," nikasema. "Hapa penye maji palikuwa na barafu, unene wa nyumba. Mdomo wake ulikuwa hapa, na ukuta huu hapa chini, hatua mia mbili, nilizihesabu mwenyewe nikiwapimia wale wazungu. Kuna upenyo upande wa kushoto, maji ya barafu yaliutoboa. Tulipika ndani ya upenyo huo, sababu ya upepo. Gakiza alikuwa anachuja chai."

Nikaweka alama.

Amanda alichukua picha yangu. Akafungua mkoba wake, akatoa picha nyingine, ile ile, ila hiyo ilikuwa na msalaba mwekundu. Akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita. Alama yangu na msalaba vilitengana kiasi cha punje ya mchele.

Akazungumza muda mrefu. Honoré alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Papa, anasema aliwaandikia wale wazungu wako, wakajibu. Sura yako hawaikumbuki, jina hawana. Walikuwa na kimashine cha kupimia, kimehifadhi namba za mahali mlipomfunika yule mtu kwa mawe. Namba hizo ziko kwake peke yake. Kwenye faili lako hazikuwemo. Anasema ataandika kwamba umesema kweli. Barua itachukua wiki kadhaa, lakini yeye njo mwenye kuamua, na ameamua. Wewe na binti yako."

Nilingoja furaha ije. Kilichokuja ni usingizi. Nilitamani kuweka kichwa juu ya meza ya huyo mama nilale mpaka Krismasi. Nikasema zikomo, mara mbili.

Nilikuwa nimeshainuka nusu aliponiashiria nikae. Alikuwa bado ameshika kalamu. Katika barua ya kwanza Gakiza hakuwa na jina, waliandika mtu anayedaiwa kufa.

"Anataka jina lake lote," Honoré akasema. "Na miaka."

Nikampa. Thelathini na mmoja. Amanda akaandika pole pole, akauliza herufi moja, akarekebisha. Kisha akauliza kitu kingine, kifupi.

Honoré akasita. "Anauliza, alikuwa na familia?"

"Mke. Yuko Ngozi, kule Burundi. Alikuwa na mimba."

"Walijulishwa na nani?"

Kule mlimani kulikuwa na sheria moja, na hakuna aliyeiandika. Mtu akifia juu, habari inashushwa na kiongozi. Si mbeba mizigo, si mzungu, si padri. Ni kiongozi anayeenda mpaka mlangoni, anavua kofia, anasema wapi na vipi. Miaka kumi na sita nilijiambia siwezi kwenda, sina pesa, sina anwani, mpaka umefungwa, natafutwa. Yote kweli. Simu nilikuwa nayo.

"Papa," Honoré akasema, "anangoja jibu."

"Mwambie bado," nikasema. "Mwambie bado wanamngojea."