Nondo za Dirisha la Mhariri Mkuu

Dada Lenzi, mkaguzi wa picha gazetini, aliikuza picha ya mkutano wa diwani, akaangua kicheko.

“Mkuu, njoo uone vituko! Umati huu una majua mawili: vivuli vya mbele vinaangukia kushoto, vya nyuma kulia! Tena picha nzima ina chengachenga, ila hawa wa nyuma ni laini kama wametoka saluni. Wamebandikwa!”

Mhariri mkuu alicheka mpaka machozi. “Hatuchapishi ng'o! Gazeti langu halitaki longolongo. Hebu wafundishe wenzako ujanja mwingine.”

“Mtu akijipunguza tumbo kwa kompyuta, vilivyo nyuma yake huvutwa pia. Mistari iliyonyooka hupinda.”

Chumba kizima kikageukia picha ya mhariri mkuu ukutani. Pichani alisimama mbele ya dirisha, kiuno cha nyigu, na nondo za dirisha zilikuwa zimepinda kukifuata kiuno hicho kama zinataka kumkumbatia.

Dada Lenzi alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshamponyoka.

Mhariri mkuu akabana tumbo. “Zile nondo,” akasema, “fundi alizikosea.”