Alama Mbili za Mwoka Mikate

Siku ya tatu ya usahihishaji, kabla hata chai ya saa nne haijaletwa, Bi Koma alikuwa ameshavunja kalamu nyekundu moja kwa kuikandamiza mezani. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa sababu ya ukali wake juu ya alama za uandishi, na walimu wenzake walilichukua bila kumwomba ruhusa. Alikuwa amefundisha lugha miaka kumi na sita, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne kuitwa kusahihisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula la shule ya bweni. Meza ndefu ziliunganishwa mbili mbili, na kila meza ilikaliwa na walimu sita waliopewa kipengele kimoja cha mtihani. Meza ya Bi Koma ilipewa ufahamu: kifungu kifupi cha habari na maswali saba. Sita kati ya hayo hayakuwa na shida. Shida ilikuwa swali la tano.

Kifungu kilimhusu mwoka mikate aliyeacha tanuri la kuni na kuanza kutumia gesi. Swali lilisema: "Kwa nini mwoka mikate aliacha kutumia kuni? Toa sababu mbili." Alama nne. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na mistari mitatu tu. Kwanza, kuni zilikuwa adimu kwa sababu msitu ulifungwa, alama mbili. Pili, moshi uliwadhuru majirani, alama mbili. Na chini kabisa: jibu lisilo kamili, sifuri.

Asubuhi hiyo Bi Koma alikutana na karatasi ya mtoto aliyeandika: "Alikosa kuni. Mosi uliwaumiza jilani." Akampa tatu. Kwa bahati tu alitupa jicho kwa jirani yake wa kushoto, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisahihisha kwa kasi ya cherehani. Mstaafu alikuwa na karatasi ya mtoto mwingine, jibu karibu lile lile, neno kwa neno. Akaandika sifuri, akapindua ukurasa.

"Mzee, huyo umempa sifuri?"

"Kamili liko wapi hapo? Hakusema msitu. Na 'mosi' ndiyo nini, kwanza?"

"Moshi, Mzee. Amekosea herufi moja tu."

"Basi aende akajifunze herufi." Mstaafu hakuinua macho. "Mwongozo umesema. Mimi si mtunzi."

Bi Koma aliuliza upande wa pili. Mwalimu wa kike aliyetoka shule ya mbali alisema angetoa mbili. Kijana wa mwisho wa meza, aliyeitwa kwa mara ya kwanza, alisema yeye hutoa nne, "maana ameelewa, au siyo?" Jibu moja, meza moja, na alama zilikuwa sifuri, mbili, tatu na nne. Bi Koma alihisi joto likimpanda shingoni.

Akaenda mbele kwa mkuu wa ukumbi. Mkuu huyo naye walimwita Rula, kwa jinsi alivyokuwa mnyoofu na kwa jinsi alivyogonga meza kwa rula halisi akitaka kimya. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na kalenda mbele yake, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

"Mwongozo ndio huo huo, Mwalimu," alisema Rula. "Siku ya kwanza tuliusoma pamoja. Hukuuliza."

"Siku ya kwanza tulisahihisha karatasi mbili za mfano, na zote mbili zilikuwa za watoto waliopata kila kitu. Tungeuliza nini?"

"Kila mwaka kuna mtu anakuja na malalamiko. Mtu akinung'unika namwuliza, ushahidi uko wapi? Ukiwa nao, lete. Ukiwa huna, rudi mezani, karatasi hazijisahihishi."

Alirudi akiwa amefura. Mchana, badala ya kwenda kula na wenzake, alikaa kwenye ngazi za nyuma ya jiko akampigia mumewe simu. Mumewe alikuwa fundi wa magari, na saa hiyo angekuwa kalala chini ya lori akisubiri mtu ampe spana. Bi Koma alimsomea kifungu chote, taratibu, kisha akamwuliza swali la tano.

"Mtihani huu mimi nimeandikishwa lini, Mama Pacha?" alicheka. "Haya. Msitu umefungwa, kuni atatoa wapi? Halafu watu wa jirani wamekohoa mpaka wamechoka. Nimepata ngapi?"

"Kwa mwongozo huu? Hukusema adimu. Hukusema moshi. Sifuri na sifuri."

"Sasa asiyesoma kabisa anapata ngapi?"

"Sifuri."

"Basi mimi na yeye tuko sawa," alisema, na kicheko kikatoweka sautini mwake. "Huo si mtihani, huo ni mtego."

Bi Koma alikata simu, akaenda moja kwa moja chumba cha mashine ya fotokopi. Alichagua majibu manane kutoka kwenye mafungu yake, akaficha namba za watahiniwa, akatoa nakala sita. Wakati wa chai ya alasiri aliwagawia walimu wa meza yake. Wakanung'unika. Mstaafu alisema kikombe chake kinapoa. Lakini walisahihisha, kila mtu peke yake, bila kuchungulia.

Majibu manane, alama nne kila moja, jumla thelathini na mbili. Mmoja alitoa tisa. Mwingine kumi na moja. Wengine kumi na nne, kumi na sita, ishirini. Kijana wa mwisho wa meza alitoa ishirini na tatu. Bi Koma hakuishia kwenye jumla, maana jumla huficha mambo. Alichora jedwali la jibu kwa jibu. Jibu la tatu pekee lilikuwa limepata kila alama, kuanzia sifuri hadi nne.

Rula alilitazama jedwali lile muda mrefu. Aliiweka rula chini.

"Hizi ni karatasi zilezile?"

"Zilezile. Tofauti ni mwalimu aliyezishika."

"Karatasi elfu moja na mia mbili zimeshapita, Mwalimu. Unajua unaniambia nini?"

"Najua."

"Basi kesho saa mbili asubuhi uniletee mwongozo unaoshika. Maneno matamu sitaki."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa la bwalo, aliketi na mwalimu wa kike na, kwa mshangao wake, Mstaafu. "Nimekuja kuzuia msigawe alama kama karanga," alisema mzee, akavuta kiti.

Walibishana kila mstari. Sababu moja, alama mbili, hapo walikubaliana. Lakini wakaigawa. Sababu ya kwanza: alama moja kwa kusema kuni hazikupatikana, kwa maneno yoyote; nyingine kwa kusema msitu ulifungwa. Anayetaja kimoja tu anapata moja. Sababu ya pili: moja kwa kutaja moshi, moja kwa kusema uliwadhuru majirani. Kukohoa ni kudhurika, kuumwa kifua ni kudhurika. Anayetaja majirani kuumwa bila kutaja moshi, moja.

"Na tahajia?" Mstaafu aliuliza, mikono kifuani.

"Neno likitambulika, halikatwi. Swali hili linapima kama amesoma akaelewa. Herufi zina alama zake kwenye insha. Tukimkata hapa na kule, tumempiga mara mbili kwa kosa moja."

Mstaafu alikuna kidevu. "Andika. Lakini na hili andika: anayetoa sababu tano ili mbili zigonge, tunasahihisha mbili za kwanza tu. Tusilipe bahati nasibu."

Hilo Bi Koma hakuwa amelifikiria. Akaliandika. Pagumu palikuwa kwa watoto wanaonakili aya nzima. Kijana wa mwisho wa meza, aliyekuwa amesimama akisikiliza, alisema wapewe zote, majibu yamo ndani. Mstaafu alisema sifuri. Mwishowe waliafikiana: anayenakili sentensi yenye sababu anahesabiwa sawa na mwingine, bali anayenakili aya yote bila kuchagua chochote asizidi alama moja. Amepata mahali, hakuonyesha kwamba amepata jibu.

Asubuhi Rula aliwapa majibu mengine manane, mapya, ili wasije wakarudia kwa kumbukumbu. Jumla zikawa kumi na saba, kumi na nane, kumi na saba, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Pale walipotofautiana ilikuwa kwa alama moja tu, nao waliweza kusema kwa nini. Rula alisaini mwongozo mpya, akasimama, akagonga meza.

"Swali la tano linarudiwa. Karatasi zote."

Ukumbi haukumshangilia mtu. Walimu wa meza ile walimtazama Bi Koma kana kwamba amewamwagia maji kitandani. Siku mbili nzima walirudia kurasa walizokwisha kuzifunga, huku wa meza nyingine wakimaliza na kunyoosha miguu nje. "Mwenye haki wetu," mmoja alimwita kwa kejeli, na wengine wakacheka.

Kejeli ilimuuma, ila kilichomuuma zaidi kilikuwa mwandiko wake mwenyewe. Katika fungu lake la kwanza alikuta watoto kumi na mmoja walionakili aya nzima kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na yeye, Bi Koma mwenye kupigania haki, alikuwa amewapa wote nne. Mtoto wa mwandiko mbaya aliyesema "kuni akuna msitu umefugwa" alikuwa amempa moja. Alizifuta zile nne, akaandika moja, moja, moja. Ile moja akaifanya mbili. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Siku ya mwisho, saa tisa, ikabainika kwamba mafungu matatu yalikuwa yameshapigwa lakiri, ile nta ya muhuri, tangu siku ya pili. Mtunza mafungu, mwanamke mpole mwenye miwani, alisema lakiri haivunjwi bila barua.

"Barua ya nani?"

"Ya anayebeba lawama."

Rula alishusha pumzi, akatazama saa, akatazama kalenda. "Tukiacha, hakuna atakayejua," alisema taratibu.

"Sisi tutajua," alisema Mstaafu kabla Bi Koma hajafungua mdomo. "Leteni karatasi ya kuandikia."

Rula aliandika, akasaini. Bi Koma alisaini chini yake. Walimu wengine walikuwa wamebeba mabegi kuelekea langoni. Lakiri zilipovunjwa, waliobaki mezani walikuwa wawili, yeye na mzee, na karatasi mia moja na themanini.

Walisahihisha kimya. Karibu saa kumi na moja Mstaafu alisimamisha kalamu.

"Huyu hapa. 'Msitu umefungwa, moshi mwingi.' Basi."

"Msitu, moja. Moshi, moja. Mbili."

"Hakusema kuni. Hakusema majirani."

"Ndiyo maana si nne, Mzee."

Mzee aliinama, akaandika mbili, akaizungushia duara, kisha akavuta karatasi inayofuata.