Minara Miwili Mlangoni

Wifi yangu alipoanza kula chakula cha mchana peke yake, nikajua ananichimba. Mtu haachi hivi hivi meza aliyokuwa akikaa na wenzake, akicheka nao, akiwachagulia hata vijiko. Aliachana na sisi wiki ileile niliyopata alama nyekundu ya pili, na mimi si mtoto.

Huyo wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na kazini ndiye mkaguzi wetu. Watu wanamwita Rula kwa sababu ya kunyooka kwake. Akiona kisanduku kimepinda kidogo tu, anakurudishia kazi bila maneno mengi. Ndiye aliyeniingiza pale, sikatai, na kila mwanandugu amehakikisha sisahau.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Tunaletewa picha za mitaani kutoka nchi mbalimbali, tunachora kisanduku kwenye kila andiko linaloonekana, kisha tunaweka namba: hili lisomwe kwanza, lile lifuate. Simu zinajifunzia hapo ili ziweze kuwasomea mabango watu wasioona. Simu haina akili ya kujua ianzie wapi. Ukiipa namba vibaya, kipofu wa watu atasimama mbele ya duka la dawa akisomewa uji wa herufi.

Mabango ya kulala hayamsumbui mtu. Balaa ni yale ya kusimama, herufi moja juu ya nyingine kuanzia juu hadi chini. Sisi tunayaita minara. Mnara mmoja ni kisanduku kimoja, hata uwe mrefu vipi, maana minara miwili ikikaa jirani na usipoitenganisha, simu itasoma kwa kukatisha, herufi ya huku na herufi ya kule, isielewe kitu. Kwa maandishi yetu unaanza na mnara wa kushoto, unashuka nao hadi mwisho, ndipo unapanda juu ya ule wa kulia. Mabango ya Kichina ya kizamani ni kinyume, unaanzia kulia. Neno lenyewe hatulijui, wapo wengine wanaolijua. Sisi kazi yetu ni mpangilio.

Katikati ya picha hizo kuna picha za mtihani. Huzijui ni zipi. Jibu lake limeshawekwa na mkaguzi, na ukitofautiana naye unapata nyekundu; nyingine anaiweka kwa mkono akikuta kosa anapokagua. Nyekundu tatu, kiti chako anapewa mwingine. Mbili za kwanza nilizila kwa haki, niliharakisha. Lakini ya tatu sikuwa tayari kuila kwa sababu ya mtu. Kwa kazi ile tulikuwa tumehama kwa mama mkwe tukapanga vyumba viwili vyetu wenyewe, na kama ningeipoteza tungerudi kulekule, mimi nikapewe tena kona ya jiko na ushauri wa bure. Afadhali nilale kwenye yale matairi.

Basi siku moja ikanijia picha ya mlango wa kioo. Juu yake minara miwili ya herufi kubwa za kijani: kushoto MITI, kulia MAUA. Bila shaka duka la miche. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kushoto kuweka namba moja, nikasita. Kitu hakikukaa sawa. Ndoo za maua zilikuwa upande huu wa kioo, karibu na mpiga picha, na barabara na baiskeli zilikuwa upande wa pili. Nikavuta picha ikawa kubwa. Chini kabisa ya mlango kulikuwa na saa za kufungua, maandishi madogo, na tarakimu ya saba ilikuwa imegeuza uso.

Nikaelewa. Picha ilipigwa kutoka ndani. Maandishi ya kawaida ukiyaona kwa nyuma ya kioo yanageuka na unayagundua mara moja. Lakini M, A, U, I na T ni herufi ambazo mbele na nyuma ni sura ileile. Ukizipanga kusimama, mnara wenyewe hauonyeshi kwamba umegeuzwa. Kinachobadilika ni minara kuhamiana: wa kushoto unakuwa kulia. Aliyebandika herufi zile alikusudia mtu aliyeko barabarani asome MAUA kwanza, kisha MITI. Nikaweka moja kwenye MAUA, mbili kwenye MITI, nikajisikia mtu wa maana, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, nyekundu ya tatu ilikuwa inanisubiri. Mpangilio si sahihi, imeandikwa, na chini yake jina la mkaguzi.

Nilimtazama Rula kule kwenye meza yake ya pembeni, ameinamia skrini, na alipohisi natazama akaigeuza kidogo. Jamani, skrini ya mkaguzi inageuzwa ili nisione nini? Baadaye akatoka kwenda kunong'ona na meneja mlangoni. Halafu akasimama muda mrefu na binti wa mapokezi, yule anayejifunza kazi yetu na anayetafuta kiti. Nikaunganisha mambo. Chakula peke yake, skrini, minong'ono, binti. Niliona kila kitu kimepangika vizuri sana, moja, mbili, tatu, nne.

Nyumbani nilimwambia mume wangu dada yake ananifukuza kazi. Akauliza kama nimemwuliza mwenyewe. Nikamwambia mtu anayekuchimbia humwulizi jembe liko wapi, unaondoka juu ya shimo. Akaanza kutengeneza pasi ambayo haikuwa imeharibika. Ndivyo anavyofanya ugomvi unapomkuta katikati ya dada na mke.

Kesho yake asubuhi sikufungua hata ukurasa wangu wa kazi. Kwa nini nijitazamie matanga yangu? Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Ni mtu mpole, ukiongea naye anakusikiliza mpaka unaanza kujitilia shaka. Nikamweleza kuhusu mlango wa kioo, ndoo, na saba iliyogeuka. Hapo alitikisa kichwa kukubali. Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshawaka, nikaendelea kabla hajasema neno. Nikamwambia mkaguzi ananionea kwa mambo ya nyumbani, kwamba jibu lile si la bahati mbaya, anataka kiti changu akigawe kwa mtu wake.

"Una hakika na hilo la mwisho?" akauliza.

Nikamwambia ninamjua wifi yangu.

Akaufunga mlango, akasema basi atalazimika kulishughulikia kama shtaka. Nilitoka nimenyoosha shingo.

Mchana tuliitwa wote. Picha ya mlango wa kioo ilikuwa imewekwa kubwa ukutani, na Rula akasimama pembeni yake. Nilijiandaa kwa uongo wake. Nilikuwa na majibu mdomoni tayari.

"Jibu la picha hii niliweka mimi," akasema, "na nilikosea. Sikuona kwamba tuko ndani ya duka."

Akaonyesha ndoo. Akaonyesha ile saba. Akaeleza taratibu, kama anavyoelezea wageni, kwamba mnara wa herufi zenye sura moja unakudanganya, kwa hiyo usiamini herufi, tafuta kwanza umesimama upande gani wa kioo. Kisha akasema aligundua kosa jana hiyohiyo mchana, alipoona jibu langu limetofautiana na lake akavuta picha kuitazama upya. Alimwendea meneja mwenyewe kumwambia. Nyekundu aliifuta kabla ofisi haijafungwa.

Nyekundu aliifuta. Ningeufungua ukurasa wangu asubuhi ile ningeona.

Meneja akaongeza kwa sauti yake ya upole kwamba kosa la picha moja lilikuwa limekwisha kwa onyo la mdomo. Lakini kumekuja shtaka jingine, la uonevu, na utaratibu ni kwamba mkaguzi aliyeshtakiwa hivyo hawezi kuendelea kukagua ndugu yake. Na kwa kuwa ofisi ni ndogo na hawezi kukagua nusu ya watu, anarudi kuchora visanduku. Hakutaja aliyeshtaki. Hakukuwa na haja, mimi ndiye ndugu pekee pale. Halafu akasema nafasi ya ukaguzi itashikwa na aliyeiona ile saba.

Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Nilitaka kukataa, nikavikumbuka vyumba viwili, sikukataa.

Kwa nini alisimama na binti wa mapokezi nilikuja kuelewa siku hiyohiyo. Binti alikuwa anajifunza minara, na Rula alikuwa anatumia mapumziko yake kumfundisha. Alikula peke yake kwa sababu hakutaka wenzangu waseme anambeba wifi yake mwenye nyekundu mbili. Haya aliniambia binti mwenyewe, wala hakujua ananiambia nini. Nilimsikiliza huku natafuta mahali penye uongo. Sikupapata, na hilo pia lilinikera.

Jumatatu nikakaa kwenye meza ya pembeni. Rula akakaa kwenye kiti nilichokiacha. Hakuninunia, alinisalimia vizuri, na salamu hiyo niliigeuzageuza kichwani asubuhi nzima kuona kama ina kitu nyuma yake.

Kazi yake ya kwanza ikanifikia kabla ya saa ya chai. Bango la hoteli, refu, limesimama ukutani, ila herufi zake hazikupangwa moja juu ya nyingine. Zimelazwa ubavu. Hizo zina kanuni yake: tazama vichwa vya herufi vimeelekea wapi. Vikielekea kulia, unasoma kutoka juu kushuka. Vikielekea kushoto, maneno yanaanzia chini na kupanda. Hapa vilielekea kushoto, mchana kweupe, naye alianzia juu.

Kanuni hiyo yeye ndiye aliyenifundisha. Alinishika kichwa akakiinamisha begani ili nione.

Nikakodoa macho. Rula hawezi kukosea hili. Basi amekusudia. Ananijaribu, aone kama nitamfunika kwa aibu, kisha aende kwa meneja kusema wifi yake anampendelea. Au anataka nimpe nyekundu, apate la kusema kwa mama mkwe. Nilivipanga vyote, na vyote vilipangika vizuri tena, moja, mbili, tatu. Kilichonitisha ni jinsi vilivyopangika upesi.

Nikainuka, nikatembea mpaka kwenye kiti chake. Wenzetu waliacha kuchora.

"Wifi," nikasema, "ile hoteli umeikosea makusudi?"

Alifungua picha, akainamisha kichwa begani, akatazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala siku kadhaa.

"Hapana," akasema. "Nimekosea tu. Weka nyekundu, wifi. Usinionee huruma, na usinionee."

Nikarudi kwenye meza yake, maana bado naiita yake, nikaiweka nyekundu, na chini yake likatokea jina langu.